Baka gumu linalong'aa pajani mwa binti yangu: ni kovu, pumu ya ngozi au mofea?

MamaNeema, Moshi: Ndugu zangu, naomba ushauri. Binti yangu wa miaka 9 alitokwa na baka la rangi ya zambarau juu kidogo ya goti la kushoto. Baadaye katikati pakawa peupe kama nta, pagumu, panang'aa, na vinyweleo vikapotea. Hakuwahi kuungua wala kuumia hapo, na hajikuni. Krimu ya pumu ya ngozi haikusaidia, na sasa baka linarefuka kuelekea gotini. Daktari ametaja mofea, ugonjwa unaofanya ngozi iwe ngumu.

Sanawari_Arusha: Pole, dada. Mimi niliungua na mafuta ya moto, na kovu langu nalo linang'aa. Huenda mtoto aligongwa akasahau. Mpake mafuta ya nazi, litalainika.

MuuguziMstaafu: Ndugu, kovu huanzia kwenye jeraha, na likishakomaa haliendelei kutambaa hivyo. Mama, jaribu kuibana ngozi kwa vidole viwili. Ngozi ya pumu, hata ikiwa nene, hukunjika, huwasha na mara nyingi hutoa magamba. Ya mofea hukaza, hata usiweze kuiinua. Ukingo wa zambarau huonyesha kwamba ugonjwa bado unaendelea, ila kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri, kwa hiyo uchore mpaka wa ugumu kwenye karatasi ya plastiki angavu, uandike tarehe, kisha ulinganishe baada ya mwezi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni goti. Mofea inayokwenda kama mstari kwenye mguu wa mtoto inaweza kukaza kiungo na kuzuia mguu usikue sawa na mwenzake. Hapo krimu peke yake haitoshi. Mara nyingi madaktari hutoa methotreksati, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, pamoja na vipimo vya damu na mazoezi ya viungo.

Mzee_Kibosho: Je, si ukoma? Mguse kwa pamba akiwa amefumba macho.

MamaNeema, Moshi: Nimemgusa, mzee wangu, anahisi kila mahali. Lakini kisigino cha kushoto hakifiki kwenye tako kama cha kulia. Je, ugonjwa huu utaingia mapafuni?

MuuguziMstaafu: Umeuliza vyema, mzee, maana baka la ukoma hupoteza hisia, lakini mofea haiondoi hisia namna hiyo. Mama, mofea si ule ugonjwa unaokaza vidole na kuathiri mapafu, na haiambukizi. Lakini hicho kisigino ni sababu ya kutosubiri mwezi wa kulinganisha mchoro. Nenda kliniki ya ngozi KCMC wiki hii, na wakitaka kukata kipande cha kupima, uliza kama kitafika kwenye mafuta chini ya ngozi, kwani cha juujuu kinaweza kuukosa ugonjwa.

MamaNeema, Moshi: Nitakwenda na mchoro. Goti likilegea, rangi nayo itarudi?

MuuguziMstaafu: Ugumu mara nyingi hupungua. Rangi siwezi kukuahidi.