Tupeane uzoefu: ushawahi kuambiwa uelezee mmea usioujua kwa majani tu?

Mzigua_wa_Msituni:
Wakuu habari za usiku. Leo mtu kanitumia ujumbe "kaka kuna mti huku shambani majani yake ya kijani, mapana kiasi, utakuwa mti gani?" nikakumbuka mbali sana. Wakati naanza kazi ya kuwabebea vifaa watu wa utafiti wa misitu huku Usambara kulikuwa na mzee mmoja mkusanya sampuli, huyo ukimtajia jina la mti hakusikilizi. Jina weka mfukoni, anakwambia, kwanza niambie majani yamekaaje kwenye tawi, halafu ukingo wake ukoje, halafu mishipa inaelekea wapi. Na alitaka kwa mfuatano huo huo, maana kama hujajua jani linaanzia wapi utaeleza kipande cha jani ukidhani ndio jani zima.

Mwarobaini kila mtu anao uani. Uliza majani yamekaaje, utaambiwa yako mawili mawili yanatazamana. Hapana, vile vyote ni vijani vya jani moja. Angalia pale kila kijani kinaposhikia, hakuna kijicho, yaani kile kichipukizi kidogo kisichofunguka bado. Shuka na kile kijiti kirefu mpaka kinapokutana na tawi lenyewe, kwenye kwapa pale ndio utakuta kijicho, na jani linaanzia pale. Ukisoma kutoka hapo utaona majani ya mwarobaini yanapishana, moja huku jingine kule, yamesongamana kuelekea nchani mwa tawi. Sasa anayesema "majani yanatazamana, yana meno" na anayesema "majani yanapishana, kila jani lina vijani vingi, vijani vina meno ya msumeno na kitako kimepinda upande mmoja" wote wameshika mti mmoja, ila huyo wa kwanza akipeleka maelezo yake herbaria, kule wanakohifadhi sampuli za mimea iliyokaushwa, wataanza kutafuta kwenye ukoo mwingine kabisa.

Naomba wenye visa vyenu mviseme.

mama_Nasra:
Kweli kabisa. Mlonge ndio balaa, ile yote unayoona kama tawi dogo lenye majani ni jani moja.

KijanaWaPangani:
Wakuu samahani naingilia, hapa nyumbani tuna mti sijui jina. Jani lina mishipa mitatu inatoka chini kabisa inapanda kwa pamoja mpaka karibu na juu. Jirani anasema ni mdalasini pori na unashusha presha, mama yangu ana presha. Nichemshe majani mangapi kwa lita?

Fundi_Miche:
Mishipa mitatu toka kitakoni hiyo ni mdalasini haina ubishi. Mimi miche ya viungo nimeuza sana Muheza, jani la mdalasini nalijua hata gizani.

Mzigua_wa_Msituni:
Mdogo wangu wa Pangani usichemshe kitu kwanza. Fundi yuko sawa kwamba mdalasini una mishipa mitatu hiyo, lakini na mkunazi unayo, na miti mingine kibao. Mishipa peke yake haitoshi ndio maana tunaanza na mpangilio. Nenda kwenye mti uangalie majani yanatazamana au yanapishana, pitisha kidole ukingoni kama kuna vimeno vidogo, halafu geuza jani uone rangi ya chini. Na kwenye kitako cha kikonyo kama kuna miiba useme.

AfisaTabibu_Bara:
Hii mada imenigusa ngoja niseme. Nilikuwa zahanati moja ya mbali, simu inashika ukipanda kwenye kichuguu na ni kuongea tu, picha haiendi. Jioni wakaletwa watu wa nyumba moja, mama, bibi na watoto, wote wamekula mboga mchana. Bibi anaongea na watu ambao hawapo, mtoto mmoja anaokota vitu hewani, mboni za macho zimepanuka mpaka rangi ya jicho haionekani, mdomo mkavu, ngozi ya moto na kavu halafu moyo unakwenda mbio. Nje ndugu wameshaanza kutaja nani kamroga nani. Mimi dalili nilizitambua ni za sumu gani, lakini nilitaka kujua mmea wenyewe ili gari la rufaa likifika niandike kitu cha uhakika, na pia kule kijijini watu wengine walikuwa wamechuma shamba hilohilo.

Baba akasema ni mchicha tu. Nikamtuma kijana akalete mashina waliyoyatupa wakati wa kuchambua. Nikapanda kichuguu na tochi nikampigia mama mmoja tuliyesoma naye, yeye kazi yake ni mimea. Hakuniuliza unafanana na nini. Aliniuliza shina moja lenye majani unalo? Ninalo. Majani yanapishana? Yanapishana. Sikia na mchicha unapishana, kwa hiyo hapo hatujatoka bado, akasema. Ukingo? Hapo ndio nikaona, yale majani makubwa yalikuwa na meno machache makubwa yasiyolingana, kama limetafunwa, wakati jani la mchicha ukingo wake hauna meno. Akaniambia fuata mshipa wa pembeni toka uti wa jani uone unaishia wapi. Ulikuwa unaelekea kwenye lile jino kubwa. Kitako nacho upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Akaniambia fikicha unuse, harufu ilikuwa mbaya nzito. Mwisho akasema tafuta tunda, na yule kijana akarudi shambani na tochi akaja na tunda la kijani lenye miiba mwili mzima. Mnanaha.

Kilichonikaa kichwani mpaka leo ni kwamba kwenye lile rundo majani machanga ya juu yalikuwa karibu hayana meno. Yule mama wa nyumba ile alichuma machanga kama mtu yeyote anavyochuma mboga. Angepewa jani lile moja hata mtaalamu angesita. Wote walipona, bibi alichelewa kidogo kurudi sawa.

mama_Nasra:
Subhanallah. Mimi huwa nachuma mchicha pembeni ya mahindi bila kuangalia.

Bwana_Shamba_Mstaafu:
Afisa hongera sana. Na sisi tulikuwa tunawaambia wakulima wang'oe mnanaha kabla haujazaa kwenye mahindi, mbegu zikiingia kwenye unga ni hatari ileile.

TX_Lushoto:
Ndio maana mimi nasema piga picha ya jani tuma kwa wataalamu, mambo ya kueleza kwa maneno yamepitwa na wakati.

AfisaTabibu_Bara:
Mkuu umesoma kwamba picha ilikuwa haiendi?

Mzigua_wa_Msituni:
Na hata ikienda, watu wanapiga jani moja limelala mezani. Hapo mpangilio umeshaupoteza, kijicho hukioni, upande wa chini huuoni. Kata tawi lenye majani kadhaa, urefu wa kama sentimita 30, ndipo upige. Mishipa midogo inaonekana vizuri ukiliinua jani kwenye jua uangalie kwa chini, hapo utaona kama mishipa ya pembeni inafika ukingoni au inajikunja kabla na kuungana na mwenzake wa juu. Mkarafuu kwa mfano ina mshipa mmoja unaotembea sambamba na ukingo karibu kabisa na mwisho wa jani, ukiangalia juu juu huuoni.

Fundi_Miche:
Sasa tukija kwenye mpangilio, mkaratusi majani yanatazamana, yamekaa jozi bila kikonyo na yana rangi ya kama yamepakwa majivu. Hilo nalo mtabisha?

TX_Lushoto:
Nabisha. Nimezaliwa chini ya mikaratusi. Majani yanapishana, marefu yamejipinda kama mundu, yananing'inia na kikonyo kiko wazi.

Fundi_Miche:
Kaka nina miche kitaluni hapa naitazama.

TX_Lushoto:
Na mimi nina mti wa babu unanitazama.

Bwana_Shamba_Mstaafu:
Vijana mnagombana bure. Ile aina ya majani ya kibluu jani lake la utotoni ni la jozi na shina lina pembe nne, ukikua yanakuja ya kupishana. Ukikata mti, machipukizi ya kisiki yanarudia yale ya utotoni. Ndio maana kwenye sampuli usichukue majani ya chipukizi la kisiki peke yake, na ukichukua uandike.

TX_Lushoto:
Haya mzee shikamoo, ila mti ni mti uliokomaa, mche sio mti.

Fundi_Miche:
Mche sio mti?? Sasa nauza nini?

DadaKokoro:
Mimi nilipata shida na mpera field ya chuo. Matawi ya kulala majani yote yamelala pande mbili kama ukurasa nikaandika hivyo, msimamizi akaniambia angalia vikonyo vinaposhikia sio majani yanapoelekea. Kumbe kikonyo kinajisokota kulitafutia jani mwanga. Kwenye chipukizi linalopanda wima jozi moja inakaa msalaba na jozi ya chini yake, hiyo ndio hali yake. Tangu hapo nasoma makovu ya majani yaliyoanguka, kovu halijisokoti.

mama_Nasra:
Kwa hiyo mtu abebe tawi la wima au la kulala?

Bwana_Shamba_Mstaafu:
La wima.

Mzigua_wa_Msituni:
Yote mawili, na ukiweza lenye ua au tunda. Majani peke yake mara nyingi yanakufikisha kwenye ukoo, jina lenyewe unalipata kwenye ua. Na vitu vinavyopotea ukishalikausha kwenye magazeti andika hapohapo porini, utomvu, harufu, rangi ya chini ya jani.

KijanaWaPangani:
Nimerudi wakuu. Nimeangalia na tochi ya simu. Yanapishana. Vimeno vipo vidogo sana nilivisikia kwa ukucha sio kwa macho. Chini ya jani ni peupe kama kuna vumbi la pamba. Miiba ipo kwenye kitako cha kikonyo, mmoja umenyooka mmoja umejikunja. Nimefikicha halinuki mdalasini.

Mzigua_wa_Msituni:
Safi sana, hayo ndio maelezo. Mdalasini majani yanatazamana au karibu yatazamane, ukingo hauna meno, miiba hauna, na ukifikicha jani utanusa. Wako ni mkunazi, au ndugu yake wa karibu. Subiri uzae uone kunazi tuhakikishe. Na dawa za mama asiziache.

Fundi_Miche:
Sawa kwa huo wa Pangani nakubali. Lakini hapo uliposema "karibu yatazamane" unakwepa. Mdalasini kwangu jani moja linatangulia mwenzake kwa upana wa kidole, karatasi niandike yanatazamana au yanapishana?

DadaKokoro:
Sisi tuliambiwa tuandike "yanakaribia kutazamana" na upime umbali.

Bwana_Shamba_Mstaafu:
Sisi enzi zetu ulichagua moja. Ukiandika karibu kila mtu ana karibu yake.

Mzigua_wa_Msituni:
Mzee hapo siko na wewe. Angalia jozi nyingi kwenye matawi tofauti, zile zilizoachana ukizikuta ni tawi moja tu, andika yanatazamana. Ukizikuta mti mzima andika kama dada alivyosema na uweke sentimita.

KijanaWaPangani:
Wakuu kuna mwingine nyuma ya choo, majani matatu matatu yanazunguka shina sehemu moja, marefu membamba, ukivunja unatoa maziwa, maua ya pinki. Mbuzi hawaugusi.

AfisaTabibu_Bara:
Huo usiuguse na watoto wasichezee matawi yake. Tuma picha ya sehemu ya shina majani hayo matatu matatu yanapokaa, na uangalie kama mishipa ya pembeni ni mingi membamba inakwenda sambamba mpaka ukingoni. Mbuzi mwache aendelee kutougusa.