Tupeane uzoefu: «Yaya, kolisi yangu iko wapi?» na kaptire ya komande

Yaya Kamalondo
Wenye kuagizia watu mizigo Uchina hapa Lubumbashi, tupeane uzoefu kwa jambo moja tu. Mteja anakutumia kaptire ya komande, na chini yake ameandika: «Yaya, kolisi yangu iko wapi?» Basi. Ninyi mnaangalia nini kwanza kwenye picha ile, na mnamjibu nini?

Nitoe ya kwangu. Mama mmoja fundi wa nguo kule Ruashi ameagiza mashine ya overloki. Komande ameifanyiwa na mjomba wake aliye Guangzhou, kwenye programu ya Kichina ya bei ya jumla. Mimi kazi yangu ni kuupokea mzigo ukifika huku. Kaptire yake juu kabisa ina 待发货, kisha picha ya mashine, kando yake 48小时发货, tarehe ya malipo 3 Machi, na chini 订单编号 pamoja na mstari mrefu wa tarakimu. Ananitumia tarehe 12 na kuniambia: «Wameandika masaa 48. Mashine yangu umeiweka wapi?» Kwa Kichina chote kile, yeye ameelewa 48 peke yake.

Papa Depo
Yaya, jibu liko palepale juu. 待发货 ni kusema mnunuzi amelipa lakini muuzaji hajautoa mzigo. Na yale masaa 48 ni ahadi ya kuutoa dukani kwake baada ya malipo. Hayasemi kitu juu ya kufika, hata kufika Guangzhou penyewe, achilia mbali Ruashi.

Lakini kabla ya kusoma neno lolote, mimi humuuliza mteja: picha hii umeipiga lini? Juu ya simu unaona saa, tarehe huioni. Watu wanapiga kaptire siku ya kulipa, wanaitunza kama risiti, wanakutumia ileile baada ya wiki moja. Wewe unajibu habari ya zamani. Mwambie mjomba aifungue komande tena, apige nyingine sasa hivi.

Na ashuke mpaka chini. 订单编号 ni namba ya komande, ya kuongea na muuzaji tu. Ukienda nayo depo hakuna atakayekusaidia, kwa sababu kwa kawaida haiandikwi kwenye karatasi ya katoni. Tunayotafuta sisi ni 运单号, namba ya kampuni iliyobeba mzigo. Nyingi zinaanza na herufi za kampuni yenyewe, kama SF au YT, nyingine ni tarakimu tupu. Ile ndiyo vijana wetu wa depo kule Baiyun, Guangzhou, wanaipiga skani mlangoni.

Etudia wa Unilu
Hata mimi nilichomwa na kaptire! Mtu alinunua simu yangu, akanitumia picha ya ujumbe wa malipo, nami nikampa simu. Pesa haikuingia hata leo. Kaptire si malipo, jamani.

Yaya Kamalondo
Pole mdogo wangu, ila hiyo ni kesi nyingine. Hapa malipo hayana shida, tunatafuta katoni.

Papa Depo, mjomba ametuma nyingine. Sasa juu pamekuwa 已发货, yaani mzigo umetumwa, na kuna namba inayoanza na YT. Nimeituma depo, wanasema haijaingia. Mama anasema imetoka tangu tarehe 5, kwa nini haijafika? Kutoka kiwandani mpaka depo ni mkoa uleule wa Guangdong.

Mutoto wa Katuba
Yaya, mi najua hii. Angalia mwisho wa ile namba. Ikiisha na CN maana yake iko inabaki kule Uchina, ikiisha na CD njo inakuja Kongo. Zile herufi za mwisho zinaonyesha kwenye kolisi iko inaenda. Nilikuwaka na moja ya posta, RB mbele, CN nyuma, nikajua tu haitatoka.

Papa Depo
Mutoto, umeshika nusu. Zile za posta kweli zina herufi mbili mbele, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi nyuma. Lakini nchi ile ni ile iliyotoa mzigo. CN inasema umepokelewa na posta ya Uchina, unaweza kuwa unaenda Brazili au Katuba. Na YT ya Yaya si ya posta hata kidogo, haina nchi nyuma.

Yaya, 已发货 isikudanganye. Muuzaji anachapisha karatasi ya kubandika, anaingiza namba kwenye programu, na papo hapo neno linageuka kuwa 已发货, hata kama katoni bado iko chini ya meza yake. Wanafanya hivyo ili masaa 48 yasiwapite, maana wakichelewa programu inaweza kuwatoza. Mwambie mjomba aguse ile namba, mistari ya safari ifunguke. Tafuta 已揽收. Pale ndipo mchukuzi amekiri kwamba katoni iko mikononi mwake. Kama 已揽收 haipo, kolisi haijatembea hata hatua moja, na wa kusumbuliwa ni muuzaji.

Ikishakuwepo, kwa kawaida utaona 运输中 ikiwa njiani, 派送中 siku ya kuigawa, halafu 已签收, yaani imetiwa sahihi.

Yaya Kamalondo
Ndivyo ilivyo! Mstari mmoja tu, 已揽收 haipo. Mjomba amempigia muuzaji, anasema rangi ile ya mashine ilikwisha, anangoja nyingine kutoka kiwandani. Toka tarehe 5 hakusema neno.

Mama Salon
Mi niulize ya kwangu hapahapa. Niliagiza dawa za nywele kwenye duka la Ufaransa, wakaniandikia «Livraison estimée» na tarehe mbili. Tarehe zikapita. Nikaona «Expédié», nikaona «Arrivé dans le pays de destination», nikafurahi, nikaenda posta hapa mjini. Hakuna kitu. Nimeenda tena na tena. Kaptire ninayo, imeandikwa vizuri: jina langu, avenue yangu, Lubumbashi, Congo.

Papa Depo
Mama, nisomee mstari wa nchi kama ulivyo. Ni «Congo» tupu, au ni «Congo, République démocratique du»?

Mama Salon
«Congo». Ile ya kwanza kwenye orodha.

Papa Depo
Basi «pays de destination» yao ni Brazzaville. Kwenye orodha za namna ile, «Congo» tupu mara nyingi ni ya ng'ambo ya mto, alama yake ni CG. Ya kwetu ni CD, na mara inaitwa Congo-Kinshasa, mara imeshushwa kwenye herufi R. Mashine ya kupanga mizigo inasoma nchi kwanza, haijui kwamba Lubumbashi iko Haut-Katanga. Andikia duka leo, uwape namba ya posta, uwaulize kama inaweza kurudishwa au kupelekwa Kinshasa. Kurudishwa nimeshaona. Kuvuka mto moja kwa moja, sijawahi kuona.

Mama Salon
Eeh Mungu wangu. Nilisema mbona wale wa posta wananicheka.

Komisyoneri wa Kenya
Turudi kwenye tarehe, kwa sababu hapo ndipo mimi ninagombana na watu kila wiki. Mteja anakuonyesha 预计送达, yaani makadirio ya kufika, na tarehe, anasema «wameandika tarehe 10». Mimi ninamwonyesha anwani iliyo kwenye picha ileile. Programu imehesabu mpaka anwani ile, na anwani ile ni depo la Guangzhou. Haijui kwamba kuna kontena linalosubiri kujaa, meli mpaka Dar es Salaam, lori la Tunduma kuikata Zambia yote, halafu Kasumbalesa na foleni yake. Barabara peke yake ni karibu kilometa 2,000. Ile 已签收 ambayo mteja anadhani ni mwisho, kwetu ni mwanzo.

Kwa hiyo mimi siku hizi ninaandika tarehe mbili kwa mkono kwenye karatasi yake: ya depo, na ya hapa. Ya hapa ninaiandika kwa mwezi, si kwa siku. Na mwaka mpya wa Kichina ukikaribia, Januari au Februari, siandiki kabisa mpaka viwanda vifungue.

Yaya Kamalondo
Hiyo ya tarehe mbili ninaichukua. Mama wa overloki ana wateja wa sare za shule, nikimwambia «Machi» bila kusema Machi ya wapi, anaahidi watu.

Mutoto wa Katuba
Sasa mukubwa, kama imeandikwa 已签收 na depo wanasema hawajaona? Nani amesaini?

Papa Depo
Hiyo ndiyo ngumu. Anza na mstari wenyewe, uuguse: mara nyingi unataja mahali au mtu aliyepokea. Mara nyingine ni kibanda cha kupokelea kolisi mtaani, mchukuzi ameziacha pale zote, na kijana wa depo hajaenda kuzichukua. Mara nyingine katoni iko depo lakini haina alama ya mteja. Kama muuzaji hakuandika jina na namba ya simu ya Lubumbashi juu ya katoni, inawekwa kwenye rundo la zisizo na mwenyewe. Hapo ndipo 运单号 inaokoa, wanatafuta kwa namba.

Ila mjomba asiguse 确认收货, kitufe cha kukubali kwamba mzigo umepokelewa, mpaka depo watoe picha. Akibonyeza pale, pesa inamwendea muuzaji.

Komisyoneri wa Kenya
Papa, hapo nakupinga kidogo. Hata asipobonyeza, programu inahesabu siku zake na kubonyeza yenyewe. Hesabu inaonekana kwenye ukurasa wa komande. Mzigo hauwezi kufika Kasumbalesa kabla hesabu ile haijaisha. Kwa hiyo picha ya depo peke yake haitoshi, katoni ifunguliwe kulekule, mashine iwashwe.

Papa Depo
Na nani atalipa kufungua na kufunga upya? Depo letu linapima na kupiga picha kwa nje. Kufungua ni pesa nyingine, na kikivunjika kitu wakati wa kufungua tunabebeshwa sisi.

Komisyoneri wa Kenya
Mteja alipe. Kwa overloki mimi ningelipa.

Yaya Kamalondo
Mama anauliza ni shingapi kufungua. Na mjomba ametuma sasa hivi: 已揽收 imetokea, muuzaji amekubali kutuma ya rangi nyeupe. Papa Depo, nikutumie 运单号 uwaambie vijana waiangalie? Juu ya katoni nimemwambia aandike jina la mama na simu yake ya huku, kwa kalamu nene.

Papa Depo
Tuma. Namba kama maandishi lakini, si kaptire. Zile tarakimu nikizinakili kutoka kwenye picha, moja nitaikosa tu.