Upasuaji wa uzazi uliopangwa: hospitali tatu, SHA na bima ya kazini. Nitatoa ngapi mfukoni?

MamaImani_Nakuru

Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya wiki 31. Mtoto wa kwanza nilijifungua kwa upasuaji na daktari amesema huyu naye atakuja hivyo hivyo. Nakatwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, kwenye mshahara, na kazini tuna bima yenye kikomo cha uzazi cha shilingi 150,000.

Nimezunguka hospitali tatu. Ya kwanza ni ya binafsi hapa mjini, karatasi yao ya bei inasema upasuaji wa kupangwa ni 148,000 kwa siku tatu. Ya pili ni ya misheni, mwendo wa dakika arobaini, wao wanasema 92,000 kwa siku nne. Ya tatu ni ya kaunti, na huko nimeambiwa SHA inamaliza kila kitu.

Hesabu yangu ni hii: SHA inalipa 30,000, bima 150,000, jumla 180,000. Kwa hiyo hata ile ya binafsi sitoi kitu. Lakini moyo haujatulia, kwa sababu mara ya kwanza nilipiga hesabu kama hii na siku ya kuruhusiwa tukakwama. Mume wangu alizunguka jioni nzima akikopa, mimi nimeketi kitandani na mtoto ameshavishwa kofia ya safari. Sitaki kurudia. Nimekosea wapi?

KijanaWaThika

Dada, SHA na bima ya kazini haziendi pamoja. Ukitumia moja, nyingine inakaa. Wewe nenda kaunti, upasuaji kwa SHA ni 30,000 na hawawezi kukudai hata ndururu juu yake.

KaraniWaBili

Nimekaa dirisha la bili miaka kumi na moja, hospitali mbili tofauti. Kijana, kuhusu kaunti umekaribia, lakini kuhusu hizo mbili kutokwenda pamoja, hapana. Bima nyingi za kazini hapa Kenya zimeandikwa zikichukulia kwamba SHA italipa sehemu yake kwanza, kisha bima ishughulikie kinachobaki. Hatari iko hapo hapo. Mwajiri akichelewesha makato, SHA yako inasoma kwamba haiko hai, hospitali haipati zile 30,000, na bima inaweza kukataa kuziba pengo hilo. Zinakuwa zako. Mama Imani, piga *147# leo, na upige tena wiki moja kabla ya kulazwa. Kukatwa kwenye mshahara hakuthibitishi kwamba pesa zilifika.

Sasa hesabu yako. Umetoa bima kwenye bei ya karatasi, na karatasi hiyo ni ya hospitali tu. Nina maswali matatu. Je, ile 148,000 ina ada ya daktari wa upasuaji, daktari wa usingizi na daktari wa watoto? Je, kliniki na picha za ultrasaundi ulizofanya tangu mwanzo zililipwa kutoka kikomo hicho hicho cha 150,000? Na chumba kilichopigiwa bei ni wodi ya pamoja au cha peke yako?

BabuWaKitale

Mimi pia nilidanganywa na karatasi ya bei. Nilivunjika nyonga, bima ikakubali upasuaji, halafu chuma cha kuunganisha mfupa kikawa nje. Niliuza ng'ombe wawili. Je, SHA inalipa chuma?

KaraniWaBili

Pole sana, Babu. Hilo la chuma fungua mada yake, lina mambo mengi na sitaki yachanganyike na ya uzazi. Ila kwa yeyote anayengoja upasuaji wa mifupa, bei ya chuma iulizwe peke yake, kwa maandishi, kabla ya siku kupangwa.

MamaImani_Nakuru

Nimerudi, nimeshinda hospitalini na kwenye simu. Karani, majibu yamenivunja nguvu kidogo lakini afadhali leo.

148,000 haina madaktari. Wa upasuaji ni 80,000, wa usingizi 30,000, wa watoto 10,000. Kliniki na picha zimeshakula 34,000 za kikomo changu, sikujua kabisa, kila mara nilikuwa naweka kidole tu na kuondoka. Chumba ni wodi ya pamoja. Nikitaka cha peke yangu naongeza 6,000 kila usiku, na bima hailipi tofauti hiyo.

KaraniWaBili

Vizuri, hapo ndipo kadirio linapoanza. Tuiandike ile ya binafsi upya.

Hospitali 148,000 na madaktari 120,000, jumla 268,000. Toa SHA 30,000, zinabaki 238,000. Bima yako haina tena 150,000, ina 116,000. Toa hizo, unabaki na 122,000. Hizo ni zako hata kila kitu kikienda sawa na ukalala wodi ya pamoja. Chumba cha peke yako kwa usiku tatu ni 18,000. Halafu kuna vitu ambavyo bima huvifuta kwenye bili mstari kwa mstari: ada ya faili, pedi za mama, nepi, pamba, chakula cha anayekuuguza. Uliza bei zake, lakini kwa sasa weka 7,000. Jumla 147,000, kutoka hospitali uliyodhani hutoi kitu.

Kuna sehemu moja ya kupunguza. Waulize bima kama daktari wako wa upasuaji yuko kwenye orodha yao na wamekubaliana naye ada gani. Nimeona daktari anayeandika 80,000 akikubali 60,000 kwa mgonjwa wa bima. Kwa kuwa kikomo chako kitaisha kwa vyovyote, kila shilingi atakayopunguza inabaki mfukoni mwako.

Ya misheni: je, 92,000 ina madaktari ndani?

MamaImani_Nakuru

Ina madaktari wote, nimewauliza mara mbili. Na wanapokea bima yetu.

KaraniWaBili

Basi toa SHA, zinabaki 62,000. Bima inazilipa zote na unabakiwa na 54,000 ndani ya kikomo. Mfukoni ni vile vitu vidogo tu.

MuuguziZamuYaUsiku

Karani amehesabu bili ya mama. Mimi nafanya kazi kitengo cha watoto wachanga, na bili inayokwamisha familia mara nyingi si ya mama. Mtoto akilazwa hufunguliwa faili lake na bili yake. Akija na pumzi za haraka au manjano ya kuhitaji taa, analala siku mbili, tatu, tano, na ile bei ya siku tatu haimhusu.

Mama Imani, uliza maswali haya kila hospitali. Kitanda cha mtoto kwa siku ni ngapi? Mama akiruhusiwa na mtoto akabaki, mama anatozwa kitanda au anakaa kama mlezi? Na kwa bima, bili ya mtoto inaingia kwenye kikomo kile kile cha uzazi au ina fungu lake? Pia atatambuliwa tangu anapozaliwa au hadi umsajili?

Kwa ile ya misheni, uliza wana mashine ya kumsaidia mtoto kupumua au wanampa rufaa. Rufaa ni ambulensi, ni hospitali ya pili, ni dipositi ya pili, na wewe una kidonda cha siku moja umelazwa kule kwingine. Mimi napenda sana hospitali za misheni, nilisomea huko, lakini 92,000 ni bei ya mtoto aliyelia vizuri.

La mwisho. Umepangiwa wiki ya ngapi?

MamaImani_Nakuru

Ya 38, kwa sababu daktari anasafiri wiki inayofuata.

MuuguziZamuYaUsiku

Ongea naye tena. Mtoto wa upasuaji uliopangwa akitolewa kabla ya wiki ya 39, uwezekano wa shida ya kupumua ni mkubwa zaidi, hasa kwa kuwa hajapitia uchungu. Kama hakuna sababu ya kitabibu ya kuharakisha, uliza kama daktari mwenzake anaweza kukupasua wiki ya 39. Nasema haya kwa ajili ya mtoto kwanza. Lakini na pesa pia zimo humo.

KijanaWaThika

Nakubali nilikosea kuhusu bima. Lakini bado nasema kaunti. Mke wangu alijifungua huko mwaka jana na bili ilikuwa sifuri.

ShangaziWaMolo

Bili sifuri, ndiyo. Binti ya dada yangu pia alipewa sifuri. Lakini asubuhi ya upasuaji tulipewa kikaratasi twende duka la dawa nje ya geti: nyuzi za kushona, glavu, antibiotiki, mpira wa mkojo. Tulilipa 9,400, na hakuna bima iliyoturudishia kwa sababu risiti ilikuwa ya duka. Wauguzi hawakuwa na kosa, kabati lilikuwa tupu, tuliliona.

MuuguziZamuYaUsiku

Shangazi amesema kweli. Ukienda kaunti, pita wodini siku mbili kabla, muulize muuguzi wa zamu kinachokosekana wiki hiyo. Atakwambia. Na kaunti nyingi ndiko kwenye kitengo kikubwa cha watoto kuliko hospitali ndogo ya binafsi, hilo watu husahau.

KaraniWaBili

Mama Imani, andika namba mbili kwa kila hospitali. Moja ya siku ikienda sawa, nyingine ya mtoto kulala siku tatu na uchungu kuanza mapema. Uchungu ukianza usiku, ile bei ya kupangwa huwa imekufa, utapewa bei ya dharura na daktari aliyeko zamu. Na kadirio lote liwe kwa maandishi lenye muhuri. Barua ya bima ya kuidhinisha pia isome hadi chini: wakiandika kiasi cha awali, maana yake si kiasi cha mwisho.

MamaImani_Nakuru

Nimepata majibu. Ya binafsi: kitanda cha mtoto 15,000 kwa siku, mama mlezi 4,000, dharura inaongeza 37,000. Kwa hiyo kwa wodi ya pamoja ni 129,000 ikienda sawa, na 223,000 isipoenda sawa. Ya misheni ni kama 6,000 ikienda sawa. Mtoto akilala kwao kwa siku tatu ni 12,000, nayo inatosha ndani ya zile 54,000. Mashine ya kupumua hawana, wanatoa rufaa kwenda ile ya kaunti, dakika hamsini kwa ambulensi.

Bima wamenijibu mara mbili tofauti. Wa simu anasema bili ya mtoto iko kwenye kikomo kile kile cha uzazi. Wa barua pepe anasema ina fungu lake mtoto akisajiliwa ndani ya siku 30. Nimeomba ukurasa wenyewe wa mkataba kutoka kwa afisa rasilimali watu wetu.

Daktari amekubali wiki ya 39, mwenzake atanipasua. Sasa mimi na mume wangu tuko kati ya misheni na kaunti. Yeye anasema kaunti, kwa sababu rufaa yenyewe inaishia huko. Mimi naogopa wodi kujaa, kitanda kimoja akina mama wawili.

ShangaziWaMolo

Nenda ukaione siku ya Jumatatu asubuhi, ndipo hujaa zaidi. Kama siku hiyo utapata kitanda chako peke yako, mume wako ana hoja.

KaraniWaBili

Ule ukurasa wa mkataba ukifika, uuweke hapa ukificha majina. Nataka kuona neno waliloandika kuhusu mtoto, kama ni "tangu kuzaliwa" au "baada ya kusajiliwa".