Makabidhiano kabla ya likizo ya uzazi: kila siku wiki ya mwisho, au tuanze mapema?

Kirumba_Hesabu
Habari wakuu. Niko kampuni ndogo ya kununua sangara hapa Mwanza. Dada anayeshika mishahara na kodi anaanza likizo ya uzazi mwisho wa mwezi ujao, kazi zake zinakuja kwangu. Leo ni tarehe 2, nataka kumpelekea bosi ratiba ya vikao. Ya kwanza: saa moja kila siku, wiki yake ya mwisho. Ya pili: Jumanne na Alhamisi, dakika 45, kuanzia wiki hii. Ipi bora?

MamaNyegezi
Hongera zake! Siku ni 84, akipata mapacha ni 100. Asikubali kupunguziwa.

Kirumba_Hesabu
Asante mama, likizo imeshasainiwa. Nauliza vikao.

Igoma_Boy
Ya kwanza. Ukianza mapema utasahau. Arekodi video ya skrini akifanya kila kazi, utaangalia baadaye.

MzeeWaPasiansi
Video ni nzuri, ila haijibu swali mfumo ukikukatalia. Mdogo wangu, kabla ya kuchagua fungua kalenda. PAYE ya mwezi uliopita mwisho tarehe 7, ritani ya VAT mwisho tarehe 20. Wiki ya mwisho wa mwezi haina hata moja. Utakaa naye siku tano akusimulie kazi ambayo hamuifanyi.

Mimi ningefunga vikao kwenye kazi zenyewe. Mwezi huu, tarehe 5 na 18, yeye anafanya, wewe unaandika. Mishahara ya mwisho wa mwezi vilevile. Mwezi ujao mnabadilishana viti: unaingia kwa akaunti yako, yeye hagusi kipanya. Ukikwama, hapo ndipo penye kikao. Usiweke mambo yote tarehe yenyewe ya mwisho, mtandao ukisumbua mmekwisha. Jumanne ibaki moja, fupi, ya maswali yaliyobaki.

Na barua ya benki ya kubadilisha mwidhinishaji wa malipo iandikwe wiki hii. Hiyo haifundishwi kikaoni, inasubiri saini za watu.

Buzuruga_Nesi
Sisi wodini tunakabidhiana kila zamu kitandani kwa mgonjwa, siyo ofisini. Nakubaliana na mzee.

Igoma_Boy
Sawa, kalenda sikuifikiria. Lakini mtoto haangalii ratiba. Akiwahi je?

MzeeWaPasiansi
Ndiyo maana mzunguko wa kwanza ufanyike mwezi huu. Akiwahi, utakuwa umeshaona kila kazi mara moja.

Kirumba_Hesabu
Nimeelewa, naandika hivyo: 5, 18 na siku ya mishahara, miezi yote miwili, pamoja na Jumanne. Bosi anataka pia simu moja kwa wiki akiwa likizoni. Mimi naona si haki.

MamaNyegezi
Si haki kabisa.

MzeeWaPasiansi
Kwa hiari yake, labda. Muulizeni yeye kwanza, bosi akiwa hayupo.