Tupeane uzoefu: uliitumiaje picha ya utabiri wa hali ya hewa kuchagua wiki ya kusia?

Mkulima wa Wete
Assalamu alaykum. Masika iliyopita nililinganisha picha mbili za skrini ili nichague wiki ya kusia mpunga wa juu. Wiki ya kwanza ilionesha jumla ya milimita 48 na ya pili 41, na joto lilikuwa sawa, nyuzi 25 usiku na 31 mchana, nami nikaifuata jumla kubwa. Nilipoirudia picha ile baadaye nikaona kwamba milimita 39 zilikuwa za Jumanne peke yake, na siku nne zilizofuata zilikuwa sifuri. Mvua ya Jumanne ilizikokota mbegu za mteremkoni hadi mtaroni, kisha jua likaufanya udongo wa juu mgumu kama kigae, na nilipoubandua kwa kijiti nikakuta miche imejikunja chini yake, myeupe. Wiki niliyoiacha ilikuwa na 6, 8, 0, 9, 5, 7 na 6. Wenzangu, nyinyi mnazisomaje picha hizi?

Bi Mkubwa, Micheweni
Pole sana, mwanangu. Huku kwetu kwenye maweni udongo ni mchache na maji hayakai, kwa hiyo naandika milimita za kila siku daftarini, nikahesabu siku za mvua na siku kavu zinazofuatana. Zikizidi tatu mara tu baada ya kusia, nasubiri. Joto la masika halibadiliki sana wiki hadi wiki, kwa hiyo nalitazama kwa zile siku kavu tu, kwani nyuzi 33 bila wingu hukausha ardhi upesi. Hata picha ikiwa nzuri, siku ya kusia nachimba kina cha kidole cha kati na kufinyanga udongo. Ukimeguka mkononi, mbegu haishuki.

Kijana wa Konde
Mimi naangalia asilimia tu. Ikiandikwa 80, mvua ni kubwa, nasia.

Bi Mkubwa, Micheweni
Hapana, baba. Hiyo 80 inakwambia mvua ina nafasi kubwa ya kunyesha. Kiasi chake kinaweza kuwa milimita 2. Lakini asilimia usiitupe, maana milimita 30 zenye asilimia 25 sizitegemei.

Mama Mwani, Makunduchi
Sisi wiki ya kupanda tunachaguliwa na bamvua, maji yanapotoka mbali. Picha za utabiri nazitaka kwa siku za kuanika. Ila naomba kuuliza: joto lile ni la maji? Mwani wangu ulioza wakati picha ikionesha nyuzi 31.

Mkulima wa Wete
Ni la hewa, dada. Maji machache ya pwani mchana wa jua huweza kulipita.

Mzee wa Mkoani
Nina programu mbili za kijiji kimoja, na kwa Alkhamisi moja ya mbele ya siku tisa, moja ilisema milimita 12, nyingine 35. Nilichukua picha mpya kila asubuhi. Zilipobaki siku tatu zikakaribiana, 14 na 18, nikasia nusu ya konde. Nusu ya pili niliichelewesha wiki nzima, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema, kwa sababu iliota vizuri lakini ndege waliishambulia zaidi. Aliyewahi kugawa hivi atueleze alivyovuna.