Kukaa mtaani ni kukubali kutawaliwa? Naombeni ushauri

Mpangaji wa Tandika
Wakuu, salaam. Nasoma falsafa ya siasa, mwaka wa pili. Kwenye insha niliandika kwamba Hobbes, Locke na Rousseau wote wanajenga mamlaka juu ya ridhaa ya watu. Mhadhiri kaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Wewe uliitoa lini?" Nimekwama. Hapa mtaani kila mwezi kijana wa ulinzi shirikishi anagonga na daftari lake, elfu mbili. Kikao kilichopitisha mchango kilifanyika kabla sijahamia. Nilikubali lini?

Babu Kimara
Dogo, rahisi hiyo. Locke anasema hata ukipita tu barabarani umekubali kimyakimya. Unalala bila kuvunjiwa? Lipa.

Mama Wapangaji
Mimi wangu hataki kuchangia hela ya taka. Naruhusiwa kumtoa?

Mwana wa Upanga
Mama, hilo mpeleke kwa mjumbe.

Babu yuko sawa nusu. Locke kweli anataja barabara, na hata kulala wiki moja tu. Ila ridhaa hiyo inakufunga ukiwa ndani ya mipaka tu, na haikufanyi mwanajumuiya. Mtalii anayepita Samora kaitoa hiyohiyo. Kuwa mwanajumuiya kamili, Locke anataka utamke mwenyewe.

Dogo, angalia kila mmoja anaanzia wapi. Kwa Hobbes hali ya asili, yaani maisha kabla ya kuwepo serikali, ni vita, kwa hiyo hata ahadi uliyotoa kwa woga inakufunga, na utii unadumu mradi unalindwa. Vijana wakiacha doria, deni lako limekwisha. Kwa Locke watu tayari wana haki na mali, wanachokosa ni hakimu asiyeegemea upande. Ndiyo maana wanakabidhi madaraka kwa masharti, na mtawala akiyavunja wanaweza kumwondoa. Rousseau naye anasema kuishi nchini ni kuridhia, ila nchi iwe huru, maana mtu anaweza kubaki kwa kukosa pa kwenda.

Aliyembana Locke ni Hume, 1748. Fukara asiyejua lugha ya kwingine, anayeishi kwa kibarua cha siku, utasemaje kachagua kubaki? Ni kama mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini, halafu aambiwe kamridhia nahodha kwa sababu hajaruka baharini. Fikiria boti ya Zanzibar katikati ya mkondo.

Babu Kimara
Meli sawa, lakini Tandika si bahari. Hapendi, ahamie Temeke.

Mwana wa Upanga
Hapo umenipata, mzee. Mtaa unahamika, nchi haihamiki hivyo. Dogo, mfano wako wa daftari utumie kwa tahadhari.

Mpangaji wa Tandika
Unahamika vipi, mkuu? Mwenye nyumba kachukua kodi ya miezi sita mbele na harudishi hata senti. Hiyo ni Tandika au ni boti?