Naomba ushauri: simu inalia tangu 2:00 usiku hadi 0:00, wenzangu wako Montreal na Manila

MamaSifa_Katuba

Jambo wote. Niko Lubumbashi, ninatafsiri maandishi ya programu za simu kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili. Msimamizi wangu yuko Montreal. Kijana anayeyaweka maandishi ndani ya programu yuko Manila. Mimi ndimi niko katikati, na katikati kunauma.

Juzi Jumanne niliweka simu chini ya mto. Saa 2:40 usiku ikalia: Manila, «neno hili halitoshi kwenye kitufe, nifupishe wapi?» Sikuwaza kitu, nikajibu gizani, mtoto akaamka. Kesho yake 23:15, nishakula bukari na kulala, Montreal: «Una dakika?» Sikujibu. Asubuhi nakuta: «Nimekusubiri jana.»

Tena tangu Novemba ilipoanza, mkutano wetu wa kila siku uliokuwa 15:00 umehamia 16:00. Hakuna aliyeniuliza. Nikitoka hapo ni 17:00 na usafiri wa kurudi Katuba unajua ulivyo.

Nataka kuwaomba tukubaliane saa za kuandikiana, lakini mimi si mfanyakazi wa kudumu, nalipwa kwa maneno. Naogopa waseme huyu mama ni mvivu. Niwaandikie vipi?

Djo_Kampemba

Mama, rahisi sana. Zima simu 18:00, washa 8:00. Waambie wote watatu mkutane 15:00, saa nzuri kwa kila mtu, basi. Na wakikusumbua wakumbushe kuna sheria ya Ufaransa tangu 2017 inakataza kuandikiwa baada ya kazi.

PapaVitendo

Mimi niko kwenye mgodi upande wa Kolwezi, zamu ya usiku. Mkuu wangu ananiandikia WhatsApp mchana wakati nimelala, halafu saa hizo hazilipwi. Nilidai nikaambiwa «kusoma meseji si kazi.» Mama, dai malipo ya usiku kwanza, mengine baadaye.

MamaSifa_Katuba

Papa pole sana, lakini mimi hata mkataba wa saa sina. Sitaki pesa ya usiku, nataka usiku wenyewe.

YayaRuashi

Mama Sifa, nimefanya kazi na watu wa mbali miaka minane, kutunza seva. Tuanze na hesabu, maana humo ndimo jibu lilimo.

Sisi Lubumbashi tuko UTC+2 mwaka mzima, haturudishi wala hatusogezi saa. Manila ni UTC+8, nao hawabadili. Montreal wanabadili: tangu Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba ni UTC-4, baadaye UTC-5. Ndiyo maana mkutano umehama. Aliyeuweka kwenye kalenda ameuweka kwa saa ya Montreal, 9:00 yake. Kiangazi hiyo ni 15:00 yako, sasa ni 16:00. Hakuna aliyekukosea adabu, ni kalenda inamfuata mwenye mkutano. Kama unataka ubaki 15:00 yako, mkutano uundwe kwa saa ya `Africa/Lubumbashi`, na yule wa Montreal ataingia 8:00 yake wakati wa baridi. Muulize, huenda akakubali, huenda ana watoto wa kupeleka shule. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe kwenye kompyuta ya Linux:

```
TZ="America/Toronto" date
TZ="Asia/Manila" date
```

(Montreal inafuata `America/Toronto`, usishangae.)

Djo, 15:00 hiyo yako ni 21:00 Manila. Umemtoa mama usiku ukamtia kijana. Na leo, Novemba, Montreal ni 8:00, hawajafika. Saa ya kazi ya watu hawa watatu pamoja haipo kabisa, msiitafute. Na ile sheria ya Ufaransa haikatazi meseji: inaitaka kampuni ya wafanyakazi 50 na kuendelea ijadiliane nao namna ya kupumzika na vyombo vyao. Haiendi Montreal, na haimgusi mtu anayelipwa kwa maneno.

Djo_Kampemba

Sawa yaya, nimekubali ya saa. Lakini kuzima simu bado ni dawa.

YayaRuashi

Nusu dawa. Akizima bila kuwaambia, yule wa Montreal ataendelea kusubiri na kuhesabu ukimya kuwa dharau. Kwanza maneno, kisha kuzima.

Mama, tazama siku yako upya. Kijana wa Manila anaondoka 17:00 yake, ambayo ni 11:00 yako. Yule wa Montreal anaingia 16:00 yako. Kwa hiyo usiahidi «nitajibu ndani ya saa mbili» kwa kila mtu. Ahidi kufuata nani anakaribia kuondoka. Ukifika 8:00, kabla ya kufungua kazi yoyote, jibu Manila yote. Ulipofika ni 14:00 kwake, ana saa tatu za kutumia jibu lako. Ukimjibu 11:30, ameshaenda, na jibu lako analiona 2:00 usiku kwako: siku nzima imekufa kwa nusu saa. Montreal wajibu wakati wowote kabla ya 16:00, hawatahisi tofauti kati ya 9:00 na 15:00, maana wamelala.

Hapo ndipo utaona kwamba ile meseji ya 2:40 haikuhitaji jibu la 2:40. Kijana alikuwa anaanza siku. Angelipata 14:00 yake kama angejua kwa hakika kwamba litakuja. Watu wanapiga kelele usiku kwa sababu hawajui jibu litafika lini.

MamaSifa_Katuba

Yaya, hii ya nani anakaribia kuondoka imenifungua macho. Lakini hata nikijibu mapema kazi inakwama. Wiki jana kulikuwa na neno `Charger` kwenye kitufe. Linaweza kuwa kupakia faili au kuchaji simu. Jumatatu 10:00 nikamwandikia msimamizi: «Kuna neno silielewi kwenye skrini ya tatu.» Akajibu 21:00: «Neno gani?» Nikajibu Jumanne 8:00. Akaona 16:00, akasema ataangalia. Jumatano nikapata: kupakia. Siku tatu kwa neno moja!

YayaRuashi

Hapo kosa ni lako, usinichukie. Swali lako la kwanza halikuwa na swali. Kwa mtu aliye saa saba nyuma, kila «neno gani» ni usiku mmoja. Ungeandika hivi: «Skrini ya 3, kitufe `Charger` (picha nimeweka). Ni kupakia faili au kuchaji simu? Nisipopata jibu kufikia kesho 10:00 ya Lubumbashi nitaweka *Pakia*. Kubadili baadaye ni dakika moja.» Ukifanya hivyo hata asipojibu umeendelea. Angalia tu: njia hii ni ya mambo yanayobadilika kirahisi. Kwa maneno ya dawa, pesa au idhini ya mtumiaji, usiamue peke yako, subiri.

Naye mwombe asikuandikie «Una dakika?» Aandike jambo lote hata kama ni usiku kwako, ila atume kwa `Schedule send` kama anatumia Gmail au `Schedule for later` kama ni Slack, ifike 8:00. Asipopenda kupanga, na atume tu, wewe ukiwa umesimamisha arifa. Hayo mawili yanafika mahali pamoja.

Bijou_Kin

Mimi niko Kinshasa, saa moja nyuma yenu ingawa nchi ni moja. Naongeza kitu kimoja: andikeni saa kwa namna isiyoweza kusomwa mara mbili. Niliambiwa na mwenzangu wa huko Lubumbashi «tuonane saa tatu». Nikaja saa tatu ya Kifaransa, alasiri. Yeye alimaanisha saa tatu ya asubuhi kwa Kiswahili. Alinisubiri nami nilikuja nikamkosa, kila mtu akakasirika. Sasa naandika «9:00 Lubumbashi / 8:00 Kinshasa», zote mbili. Na msiandike «mwisho wa siku». Mwisho wa siku ya nani?

MamaSifa_Katuba

Aksanti Bijou. Nimeandika rasimu, nitaitafsiri kwa Kifaransa. Niambieni:

«Habari zenu. Ili majibu yangu yawafikie mkiwa bado kazini, napendekeza tufanye majaribio ya wiki mbili. Ninafanya kazi 8:00 hadi 17:00 ya Lubumbashi, Jumatatu hadi Ijumaa. Maswali ya Manila yaliyofika usiku nitayajibu kabla ya 9:00 (15:00 Manila). Ya Montreal nitayajibu kabla ya 16:00 (9:00 Montreal). Nje ya saa hizo arifa zangu zimezimwa, andikeni bila wasiwasi. Jambo la dharura nipigieni simu.»

YayaRuashi

Nzuri, nimependa kwamba umeanza na faida yao. Nibadilishe sehemu mbili. «Dharura» bila maelezo itakula usiku wako: kwa mteja kila kitu ni dharura. Andika ni nini hasa, kwa mfano «maandishi yenye kosa yameshatoka kwa watumiaji na yanaweza kuwaumiza au kuwapotezea pesa». Na iwe kupiga simu, namba yao uiruhusu ipite hata simu ikiwa kimya. Kuandika meseji hakuhesabiki.

La pili, tofautisha kujibu na kumaliza. Sema: «Jibu langu linaweza kuwa *nimeona, utapata Alhamisi 10:00*.» Usipoweka hivyo watadhani 9:00 ni saa ya kupokea kazi iliyokamilika.

Na umeme je? Ukikatika asubuhi ile saa ya Manila, una njia gani?

MamaSifa_Katuba

Nina mega kwenye simu, naweza kuandika «nimeona» kwa simu. Kazi yenyewe haiwezekani. Nitaliandika hilo pia, afadhali walijue sasa.

PapaVitendo

Na malipo ya usiku hujaandika popote.

MamaSifa_Katuba (wiki tatu baadaye)

Narudi na habari. Msimamizi alijibu: «Sawa, tujaribu», bila swali hata moja. Nilitetemeka bure. Mkutano ameukataa kuhamisha, 8:00 anapeleka mtoto, yaya ulikisia. Tumeupunguza: Jumanne na Alhamisi tu, siku nyingine tunaandikiana. Simu imepigwa usiku mara moja, na kweli ilikuwa bei imekosewa sufuri moja kwenye skrini ya malipo. Niliamka sikununa.

Kijana wa Manila ndiye mgumu. Maswali yake yanafika 2:00 kama zamani, hilo halinisumbui, nimelala. Lakini nikimjibu 8:20 anauliza swali la pili 10:55, dakika tano kabla ya kuondoka, na naona anasubiri palepale. Nikijibu haraka namzoesha, nisipojibu anapoteza siku. Bado sijui nimwambie nini.

Bijou_Kin

Kwangu ningemwambia maswali yote yaje kwa mkupuo mmoja, kabla ya 10:00 yako.

YayaRuashi

Sina hakika. Swali la pili mara nyingi linazaliwa na jibu la kwanza. Mama, tuonyeshe matatu ya hayo ya 10:55, tuone kama jibu lako la 8:20 ndilo lenye shimo.